Jinsi ya Kupanga Ripoti ya Mgonjwa Bila Kuiandika Upya

Daktari, tuseme umemtibu mtoto wa pembezoni mwa Malindi aliyeumwa na moma. Rasimu unayo, ila jarida linataka muhtasari, maelezo ya mgonjwa, mjadala na marejeo. Usiandike upya. Hamisha tu, kwa hila hizi.

1. Muhtasari usiuguse. Unasomwa kwanza, lakini uandike mwisho.

2. Paka rangi. Kilichompata mtoto kiwe kijani. Unacholinganisha na maandishi ya wengine kiwe njano. Sentensi kama "Damu haikuganda kwenye chupa ya kioo baada ya dakika 20, tofauti na visa tulivyosoma" ikate kwenye koma: nusu ya kwanza iende kwenye maelezo, ya pili kwenye mjadala. Kisha panga kijani kwa saa: kuumwa, kufika, vipimo, dawa, matokeo.

3. Futa tarehe na kijiji. Malindi tunajuana: umri, kijiji na siku ya tukio vikikaa pamoja, soko zima litamtambua mtoto. Andika "siku ya 1" na "siku ya 3". Hata hivyo, idhini ya mzazi kwa maandishi lazima uwe nayo. Bila hiyo, majarida mengi hayachapishi.

4. Unatamani kuandika "kisa cha kwanza Kenya". Nani hatamani? Basi jilinde: taja hifadhidata uliyopekua, maneno uliyotumia na tarehe ya upekuzi, kisha uandike "kwa kadiri tulivyopata". Sifa inabaki, na mhakiki hana pa kukushika.

5. Namba za marejeo ziondoe zote kabla ya kuhamisha chochote. Katika mtindo wa Vancouver, ulioanzia kwenye kikao cha wahariri mwaka 1978, rejeo hupewa namba kwa mpangilio wa kutajwa mara ya kwanza, wala si kwa alfabeti. Ukisogeza aya moja, namba zote huvurugika. Kwa hiyo weka jina la mwandishi na mwaka ndani ya mabano mpaka aya zitulie. Ndipo uhesabu kutoka juu. Rejeo likitajwa tena, linabaki na namba yake ya awali.

6. Sasa muhtasari. Journal of Medical Case Reports huruhusu maneno 350 katika sehemu tatu: usuli, maelezo ya kisa, hitimisho. Nyofoa sentensi kutoka kila sehemu uliyokwisha kuandika. Marejeo usiweke humo.

7. Kabla ya kutuma, soma namba za mabano peke yake, toka juu hadi chini. Ukikuta 7 imetangulia 6 kwa mara ya kwanza, kuna aya uliyoisogeza baada ya kuhesabu. Rudi hatua ya 5. Mhariri akiligundua kosa hilo kabla yako, rasimu itakurudia.