Salio la Mbuzi

Quitunda, kijiji walikohamishiwa waliopisha mradi wa gesi wa Afungi, nyumba zimepangwa kwa mistari kama daftari. Daftari la kamati ya harusi ndilo lisilonyooka.

Tuseme ahadi ni metikali 40,000, makusanyo 26,500, matumizi 29,000. Mweka hazina anasimama, anakohoa, anatangaza salio la 11,000. Makofi! Kumbe katoa matumizi kwenye ahadi, si kwenye makusanyo. Hakuna salio, kuna deni la 2,500.

Nalo halijaisha kukua. Mjomba alileta mbuzi badala ya fedha. Mbuzi kaingizwa kwenye makusanyo kwa 3,000, ila kwenye matumizi hayumo, ingawa wajumbe wenyewe wamemla. Taslimu iliyoingia, basi, ni 23,500.

Deni hasa: 5,500. Mwenye duka la mchele anasubiri barazani, na ahadi hazipokei.