Hesabu Tu, na Kiboko Mmoja

Hapa Nakwa, Babati, tuna grupu la WhatsApp la watahiniwa wa kujitegemea, watu wazima tunaorudia mtihani wa kidato cha nne. Yumo dereva bajaji, yumo fundi cherehani, mama muuza vitumbua, vijana wawili wa duka la pembejeo, na bwana mmoja ambaye nadhani alifuata kiungo akidhani ni grupu la kuuza mbaazi, maana mpaka leo anauliza bei. Grupu linaitwa HESABU TU. Hilo "TU" tuliliweka kwa matumaini makubwa.

Asubuhi lilikuwa likifunguliwa na fundi, kwa ua jekundu lililoandikwa "Siku njema yenye baraka", na chini yake amina zimepangwa kama foleni ya bombani. Inafuata picha ya ukurasa wa kitabu, imepigwa kwa ubavu, kidole gumba kimefunika swali la 4(b). Mtu anauliza 4(b) inasemaje. Mwenye kidole anajibu kesho yake: "Ipo hapo juu." Halafu linashuka faili la kitabu kizima, nalo linameza bando ambalo mtu alilinunua ili asome. Kwa hilo la bando dawa ipo na ni ya dakika moja: ingia kwenye mipangilio, sehemu ya "Storage and data", uzime upakuaji wa picha, sauti, video na nyaraka. Kuanzia hapo faili linasubiri mlangoni mpaka wewe mwenyewe ulibonyeze.

Kiboko alikuja saa nne usiku, tuko katikati ya logarithimu. Mwenzetu wa upande wa ziwani alituma voisi akinong'ona: "Jamani, yupo kwenye mahindi yangu." Viboko wa Ziwa Babati hutoka majini usiku kutafuta majani, na mahindi machanga kwao ni majani yaliyopandwa kwa mstari. Basi logi ikafia pale. Mmoja akashauri apige debe, mwingine akasema asithubutu kupiga debe, dereva bajaji akauliza kama kiboko ni yule mwenye sikio lililochanika. Bwana wa mbaazi akauliza kama mbaazi nazo zimeliwa. Mwanachama mmoja alijaribu kuturudisha kwenye swali, akaambiwa hana utu.

Hata hivyo, maua na kiboko havijawahi kumfelisha mtu. Anayeumiza ni yule kijana wa pembejeo aliyekuwa akiandika saa nane usiku: "Nimemaliza mada zote za form three. Nyie mko wapi?" Mama vitumbua anaamka saa kumi kuchanganya unga, anakutana na meseji hiyo kabla hajanawa uso, na siku nzima anakaanga huku anajiona mjinga. Nimemwangalia yule kijana kwa muda, na njia ya kumpima ni rahisi. Mwombe atume hatua za swali moja tu la mada aliyomaliza. Anayejua atakutumia picha ya daftari, hata kama ina makosa. Huyu wetu hupatwa na tatizo la chaji.

Mtihani wenyewe unampima mtu hivyo hivyo. Basic Mathematics ina maswali 14, 10 ya alama 6 na 4 ya alama 10, na msahihishaji hutoa alama kwa hatua. Mada ulizomaliza hazina kisanduku cha kujaza.

Kilichotufanya tubadili utaratibu ni swali la asilimia. Admini aliandika: mfanyabiashara ameuza gunia la mbaazi kwa shilingi 120,000 akapata faida ya asilimia 20, je, alilinunua kwa shilingi ngapi? Akaweka kura: 96,000, 100,000 au 104,000. Fundi akawahi kuchagua 96,000. Kwa kuwa kura za WhatsApp zinaonyesha walikoelekea wenzako kabla hujachagua, wote wakamfuata fundi, hata waliokuwa wameandika kingine kwenye karatasi. Dereva bajaji aliyekuwa na 100,000 akaifuta, akahamia kwa wengi.

Sasa hebu tuijaribu hiyo 96,000. Asilimia 20 yake ni 19,200. Ukijumlisha unapata 115,200, na gunia liliuzwa 120,000. Haifiki. Tatizo ni kwamba fundi alitoa asilimia 20 ya bei ya kuuzia, wakati faida huhesabiwa juu ya bei ya kununulia. Bei ya kununulia ndiyo 100%, kwa hiyo 120,000 ni 120% yake. Gawanya 120,000 kwa 120, zidisha kwa 100, inakuja 100,000. Asilimia 20 yake ni 20,000, na jumla ni 120,000 kamili. Grupu zima lilikosa, isipokuwa bwana wa mbaazi, ambaye hakupiga kura. Alisema tu kwamba kwa bei hiyo yeye hanunui.

Siku hizi tunafanya hivi. Saa kumi na mbili jioni admini anatuma swali moja, kichwa chake kimeandikwa mada kwa herufi kubwa, mfano "SWALI: ASILIMIA", ili siku ya kurudia mtu atafute neno hilo moja alione. Analibandika juu kwa saa 24, kisha anaingia kwenye ruhusa za grupu na kulifunga, waandike maadmini peke yao. Kila mtu anafanya kwenye karatasi na kumtumia picha inboksi. Saa mbili usiku anafungua, anaweka njia mbili au tatu zinazopingana bila kutaja majina, tunabishana kwa saa moja, anafunga. Kura tulizifuta. Michango ya misiba, maua na wanyamapori vimepewa grupu lao, na lina watu wengi kuliko letu.

Mimi mwenyewe nimezima arifa za hilo la maua. Simu inakuuliza saa 8, wiki 1 au daima. Mimi nikachagua daima. Lakini jua kwamba mtu akikutaja kwa alama ya @, au akijibu meseji yako, simu italia vilevile. Fundi aligundua hilo kabla yetu, akaanza kututaja mmoja mmoja kwenye ua la asubuhi. Mama vitumbua alimfuata dukani na mwiko mkononi. Fundi hakutaja mtu tena.

Kuna kazi grupu haliiwezi, nayo ni kufundisha mada usiyoijua kabisa. Ukiuliza "vekta ni nini" utapata maelezo ya watu sita, mawili yakiwa ya mada nyingine. Vekta katafute kwa mwalimu au kitabuni, kisha uje na swali ulilokwama, uonyeshe hatua ulipoishia.

Ikikaribia Novemba watakuja pia wale wanaoandika "pepa limevuja, njoo inboksi". Kwetu meseji hiyo inafutwa na mwenyewe anatolewa saa hiyo hiyo, bila mjadala, kwa sababu ni ama tapeli au mhalifu, na mara nyingi ni vyote viwili.

Karibu ujiunge, nafasi zipo. Njoo na karatasi yenye hatua zako, piga picha wima, na tafadhali angalia kidole gumba.