Picha ya Skrini Iliyokata Roho

Wapo wajuzi wanaocheka picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, eti ni ushamba, ilhali kitufe cha PrtSc kipo. Kipo, lakini kikibonyezwa nani akipokee? Skrini ya bluu ikitokea, Windows yenyewe ndiyo iliyosimama, na ndiyo iliyokuwa ikikihudumia kitufe hicho. Ni sawa na kumwomba maiti asaini cheti chake cha kifo. Watajibu kwamba kompyuta huacha faili la tukio ndani ya C:\Windows\Minidump. Mara nyingi ni kweli. Lakini kosa likiwa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, Windows imeshindwa kuifikia diski ya kuwakia, na faili haliandikwi hewani. Menyu ya BIOS nayo? Baadhi ya madabodi hupokea F12 na kuhifadhi picha kwenye fleshi ya FAT32. Nyingine hukutazama tu.

Ushamba upo, ila umo ndani ya picha. Taa ya kamera imemulika katikati ya maneno, mpigaji anaonekana kwenye kioo kama mzimu wa fulana, na uso wa huzuni :( umetoka maridadi. Hata mraba wa QR umetoka, ingawa humpeleka mtu kwenye ukurasa wa msaada wa jumla tu. Kilichokatwa ni mstari mdogo wa chini, ule wa Stop code. Basi zima taa, sogea kando kidogo mwanga usirudi, na upige kabla kompyuta haijajiwasha upya. Fundi anausubiri mstari ule wa chini.