Nimekataliwa kwa Simu

Siku hizi ukitaka kujua kama afisi ya umma imekukatalia ombi lako, usihangaike kwenda kufungua sanduku la posta. Hakikisha tu simu ina chaji.

Sitaitaja afisi yenyewe. Ukipanda matatu Embu ukielekea Meru, ukapita Runyenjes, Chuka na Nkubu, utakuwa umeipita mahali fulani, na hiyo inatosha. Nina ploti ndogo karibu na chuo, na niliomba idhini ya kuibadilisha kutoka shamba la kilimo hadi vyumba vya kupangisha wanafunzi. Faili ilikuwa nene: nakala ya hatimiliki, cheti cha upekuzi kutoka afisi ya ardhi, michoro, ripoti ya mtaalamu wa mipango, risiti ya kodi ya ardhi, na ukurasa wa gazeti wenye tangazo letu. Baada ya yote hayo, jibu lilikuja nikiwa nakamua ng'ombe.

"Guka, habari ya asubuhi? Ni kuhusu ile faili yako. Haitawezekana. Barabara yenu ni mita 6, tunataka 9."

"Asante, madam. Barua nitaipata lini?"

"Barua ya nini tena, Guka? Si nimekuambia?"

Alinipigia kwa WhatsApp. Kwa nini afisi inayotoza ada kwa kila karatasi haina salio la kupiga simu ya kawaida, hilo nimeshindwa kulielewa, lakini tuliache. Jambo linaloninyima usingizi ni tarehe.

Sheria ya Mipango ya Ardhi, nambari 13 ya 2019, inasema ukikataliwa idhini ya ujenzi au ya kubadilisha matumizi ya ardhi, una siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti inayosikiza mambo hayo. Ni siku 14 tangu uamuzi utolewe. Sasa niambie, uamuzi wangu ulitolewa lini? Tuseme simu ililia Jumatatu tarehe 3. Kwa hesabu ya kawaida ya sheria za Kenya, siku ya tukio haihesabiwi. Siku ya kwanza ni tarehe 4, na ya mwisho ni tarehe 17. Ikiangukia Jumapili au sikukuu, inasongezwa hadi siku ya kazi inayofuata. Hesabu hiyo hata mjukuu wangu wa darasa la nne anaiweza. Shida ni kwamba hana pa kuanzia. Madam anaweza kusema kesho kwamba uamuzi ulitolewa wiki tatu kabla ya simu, kwamba yeye alikuwa ananifahamisha tu kwa wema wake, na nimechelewa. Anaweza pia kusema hakuna uamuzi wowote, yalikuwa mazungumzo, na rufaa yangu haina mguu wa kusimamia. Nikienda kwenye kamati, karani atauliza kitu kimoja tu: "Barua ya kukataliwa iko wapi?"

Na kuna saa nyingine inayolia upande wa pili, ambayo nadhani madam anaijua vizuri. Sheria hiyo hiyo inasema mwombaji asipopata jibu kwa maandishi ndani ya siku 60, idhini itachukuliwa kuwa imetolewa. Kwa maandishi! Simu ya WhatsApp siyo maandishi, hata ukiipiga ukiwa umeshika kalamu. Kwa hivyo, madam asiponiandikia, siku 60 zikiisha naweza kudai nina idhini. Jaribu basi kumwonyesha fundi idhini ya kudhaniwa. Atakuuliza ina mhuri? Na maafisa wa utekelezaji wakifika na mkebe wa rangi nyekundu kuchora X ukutani, sijui utawanyamazisha kwa kuwasomea kifungu.

Kilichonifanya nishikilie barua kabisa ni simu ya pili. Nilipiga mimi, kwa salio langu, kuuliza kama naweza kuongea na majirani tuongeze upana wa barabara. "Guka, hata si barabara," akasema. "Shida ni maji taka. Hiyo sehemu haina laini, na vyumba ni vingi kwa shimo moja." Nikamkumbusha mita 9. Akacheka kama mtu aliyekumbushwa jina la utani la shuleni. Hewani, sababu hubadilika kulingana na mtandao. Ningekuwa nimekata rufaa kuhusu barabara, ningefika mbele ya kamati nikapigwa na choo.

Nikaandika barua, kwa Kiswahili. Karani wa masjala aliitazama akauliza kwa nini sikutumia lugha rasmi. Nikamwambia Katiba, kifungu cha 7, imeweka Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na kwamba Kiswahili ndicho kilichotajwa kwanza. Akanyamaza, akatafuta mhuri.

Barua yenyewe haikuwa na mbwembwe. Nilieleza kwamba tarehe fulani, saa fulani, kupitia simu, niliambiwa ombi nambari fulani limekataliwa, kwanza kwa sababu ya barabara, kisha kwa sababu ya maji taka. Nikaomba uamuzi kwa maandishi, wenye tarehe, sababu na kifungu kilichotumika. Nikataja kifungu cha 47 cha Katiba, kinachompa mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoweza kuathiriwa na hatua ya utawala, na kifungu cha 6 cha sheria nambari 4 ya 2015 iliyotungwa kutekeleza hicho cha 47. Nakala mbili. Moja yao, moja yangu yenye mhuri wa kupokelewa, tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Mhuri wao ulikuwa umekauka wino, nikamwomba aupige tena. Tarehe isiyosomeka ni sawa na simu.

Lakini hata hapa kuna kizungumkuti. Sheria hiyo ya 2015 inampa afisa siku 30 za kujibu ombi la sababu. Mimi nina 14 za kukata rufaa. Yaani afisa ana haki ya kunieleza kwa nini amenikatalia wiki mbili na ushei baada ya mlango wa kulalamika kufungwa! Waliotunga hizi sheria mbili hawakunywa chai meza moja. Faraja pekee ni kwamba asipotoa sababu kabisa, kesi ikifika kortini itachukuliwa kuwa hatua yake haikuwa na sababu nzuri, isipokuwa athibitishe vinginevyo.

Wakili mmoja hapa mtaani, ambaye hulipwa kwa ndizi msimu ukiwa mbaya, alinishauri nisisubiri. Peleka rufaa, hesabu siku kuanzia ile simu ya kwanza kana kwamba ndiyo uamuzi, ambatisha barua yenye mhuri mahali pa barua ya kukataliwa, na picha ya skrini ya simu inayoonyesha tarehe na saa. Andika wazi kwamba uamuzi wa maandishi umeombwa na bado haujatolewa, na kwamba utaongeza sababu za rufaa ukiupata. Wakisema umewahi mno, utarudi. Wakisema umechelewa, utarudi kufanya nini?

Basi nimepeleka. Karani wa kamati alizipokea karatasi bila ubishi, akapiga mhuri wenye wino wa kutosha, nikaanza kumpenda. Nikamuuliza tarehe ya kusikizwa nitaijuaje.

"Andika namba ya simu hapo juu, Guka. Tutakupigia."