Namna ya Kushinda Ubishi wa Dhahabu Kijiweni Kileo

Mzee akikuambia kwamba enzi za Mwalimu mshahara wa miezi miwili ulinunua wakia ya dhahabu na chenji ikabaki, usimbishie, maana hesabu iko upande wake. Mwaka 1963 dhahabu iliuzwa dola 35, na dola moja ilikuwa shilingi 7.14, kwa hiyo wakia ilifika shilingi 250. Kima cha chini mjini kilikuwa shilingi 150 kwa mwezi. Gawanya upate mwezi mmoja na siku kama 20. Wewe taja kwa sauti kwamba huo ni "mshahara wa wastani". Wa wastani hata hukuutafuta, lakini kijiweni nani atadai takwimu?

Kisha rukia 1980, mwaka mtamu kwa mbishi yeyote. Kima cha chini ni shilingi 480, dola ni kama shilingi 8.2. Ukitaka ionekane maisha yaliharibika kabisa, shika bei ya tarehe 21 Januari, dola 850, upate miezi 14 na nusu. Mpinzani akishika wastani wa mwaka mzima, karibu dola 615, atapata miezi 10 na nusu. Miezi minne imeyeyuka na hakuna aliyesema uongo.

Akiuliza dola ya shilingi 8.2 ilipatikana wapi, badilisha mada haraka. Hiyo ilikuwa bei ya benki, kwa aliyepewa kibali. Ya magendo ilizidi mara mbili, na kwa bei hiyo hata miezi yake 10 inapita 20. Hapa ndipo hesabu nyingi za miaka ya themanini huvunjika shingo.

Kwa sasa tumia Julai 2025, kima cha chini cha serikali kilipopanda hadi shilingi 500,000. Dhahabu ilikuwa kama dola 3,340, na kwa shilingi 2,600 kwa dola hiyo ni karibu milioni 8.7, sawa na miezi 17. Kibarua wa shamba la mpunga usimtaje. Mshahara wa serikali haumhusu, naye ataivuruga hesabu yako nzuri.

Mizani nayo usiisahau. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, ile ya kawaida ni 28.35. Ukiwa na bei ya gramu moja, zidisha kwa ile inayokufaa. Tofauti ni karibu sehemu moja ya kumi.

Ila akitokea mtu ambaye babu yake alikata mkonge, nyamaza. Mwezi wa babu ulikuwa kadi ya kipande: siku 30 za kazi iliyokamilika, siyo siku 30 za kalenda. Siku ya homa haikuandikwa, ya mvua ikapita bure, na kadi ikajaa baada ya wiki sita. Atakuuliza mwezi wako ulikuwa upi kati ya hiyo miwili, na daftari lako halina safu ya jibu hilo.