Jinsi ya Kuizuia Televisheni Isikuumbue Dukani

Umetundika televisheni juu ya vitenge vyako karibu na Petite Barrière, hapa Gisenyi, ukachomeka flashi yenye tangazo la sekunde 40. Hongera. Sasa televisheni itatafuta kila njia ya kukuumbua mbele ya mama aliyevuka kutoka Goma kuja kununua. Kazi yako ni kuzizibia njia hizo mapema.

Kwanza itadai haiijui video yako. Baadhi ya simu za siku hizi hurekodi kwa HEVC, nazo baadhi ya televisheni za bei nafuu haziisomi; H.264 ndiyo zinayoisoma. Ukiona "Format not supported", au ukisikia sauti bila picha, igeuze iwe MP4 ya H.264 yenye sauti ya AAC. Flashi nayo ifomatiwe kwa FAT32, umbizo linalosomwa na karibu televisheni zote.

Ikishakubali kucheza, washa Repeat kwenye rimoti. Hapo ndipo kero kubwa inapoanza. Kila tangazo linapokwisha, televisheni hulifunga faili na kulifungua upya. Skrini huwa nyeusi kwa muda mfupi, au huonyesha orodha ya mafaili, na wateja wakasoma kwamba kwenye flashi hiyo umeweka pia video ya harusi ya shemeji. Kwa saa 10 za kazi, sekunde 40 hujirudia mara 900, na aibu hiyo nayo mara 900.

Dawa ni kuziunganisha nakala ziwe faili moja refu, kwenye kompyuta:

```
ffmpeg -stream_loop 44 -i tangazo.mp4 -c copy refu.mp4
```

Namba 44 ni marudio baada ya mchezo wa kwanza, kwa hiyo utapata nakala 45, yaani dakika 30. Tangazo likiwa na MB 60, faili litafika GB 2.7. Usitamani saa nzima: hiyo ni GB 5.4, na FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Weka faili hilo peke yake kwenye flashi. Harusi ya shemeji ibaki nyumbani.

Zima sauti, uandike bei na maelezo kwenye picha kwa Kinyarwanda na Kiswahili. Mteja husikia wimbo wako mara mbili akaondoka; anayekaa kaunta husikia mara 900, naye ndiye unayemtaka awachekee wateja.

Mwisho, televisheni nyingi hujizima zisipoguswa kwa saa kadhaa, mara nyingi 4. Tafuta "Auto Power Off" kwenye mipangilio, uizime. Umeme ukikatika na kurudi, nyingi hubaki na taa nyekundu tu. Baadhi zina "Hotel Mode" inayoweza kuziwasha zenyewe, na chache huanza kusoma flashi moja kwa moja. Kama yako haina, mwonyeshe mfanyakazi vitufe vya kubonyeza kabla umeme haujakatika.