Namna ya Kunakili Mkeka wa Watu Bila Kuuchana

Sifa ya kwanza ya mnakili bora wa mikeka ni ujinga wa mpira. Mtu asiyejua kama Coastal Union ni timu au chama cha wakulima wa katani ataandika kilichochapwa, na kazi imekwisha. Tatizo ni wewe mjuzi, uliyepigiwa simu na shemeji: "Shem, nakutumia picha ya mkeka, hebu niandikie vizuri, karatasi yenyewe inafutika." Picha inaingia, unatupa jicho, na kabla hujasoma namba hata moja umeshaona kampa Simba ashinde. Na wewe ni Yanga wa kuzaliwa. Mkeka wa watu huanza kuchanika hapo, hata refa hajapuliza filimbi.

Ukitaka kuuchana kwa ufundi, andika majina kwa mapenzi. Tiketi imesema Young Africans, wewe weka Wananchi. Imesema Simba SC, weka Mnyama, au neno lingine lisiloandikika hapa. Ukikuta mashine imekosea herufi katika jina la timu ya Ulaya, isahihishe, si umesoma bwana. Kisha ufike kwenye muda: imechapwa 16:00, nawe kwa wema wako unaandika saa 10:00 kwa sababu ndivyo tunavyosema. Shemeji atakayeisoma hiyo 10:00 kama ya kwenye simu atadhani mechi inapigwa asubuhi. Kama hutaki makuu haya, acha 16:00 ibaki 16:00 na Young Africans wabaki Young Africans.

Sasa picha yenyewe. Tiketi nyingi za vibanda vya kubeti hazina wino. Karatasi imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, na mashine huichoma maandishi. Ndiyo maana ikisahauliwa juani kwenye dashibodi hugeuka kijivu yote, na ikikaa siku mbili mfukoni na jasho, namba huanza kuaga. Zinazoaga vibaya ni zile zinazofanana: 8 hupoteza ubavu wake wa kushoto ikawa 3, na 6 hufunguka ubavu ikawa 5. Mwombe shemeji apige tena bila taa ya simu, maana mwanga wa mbele kwa mbele huacha doa jeupe katikati. Aiweke karibu na dirisha, na atoe kidole gumba. Kuna watu hawawezi kupiga picha ya karatasi bila kuonyesha kidole gumba, na siku zote kinakaa juu ya dau.

Tuseme picha ya pili imekuja, na mkeka ni huu:

```
Simba SC - Coastal Union    1       1.45
Arsenal - Everton           GG      1.72
Torino - Genoa              O 2.5   2.10
Namungo - Singida BS        X2      1.3?
Jumla ya odi                        7.23
Dau                             1,000.00
Ushindi                         7,227.61
```

Mstari wa tatu una namba mbili zenye nukta, na mgeni wa mambo haya huzichanganya: 2.5 ni sehemu ya chaguo, yaani mabao kuanzia matatu, na 2.10 ndiyo odi. Usiibandue 2.5 kutoka kwenye herufi yake. Mstari wa nne ndio wenye kidonda, kwani tarakimu ya mwisho inaweza kuwa 3 au 8.

Mjuzi wa mpira angesema Singida hawawezi kupewa odi hiyo, akaweka anayoiona inafaa. Wewe chukua kikokotoo. Odi za mkeka huzidishwa: 1.45 mara 1.72 mara 2.10 ni 5.2374. Zidisha kwa 1.33 upate 6.97, zidisha kwa 1.38 upate 7.23. Tiketi imesema 7.23. Rudi kwenye picha, ivute karibu, na utauona ule ubavu wa kushoto wa 8 umebaki kama kivuli. Andika 1.38. Kama huoni kivuli chochote, andika 1.3 na alama ya kuuliza, halafu pembeni, nje ya nakala, umwambie shemeji kwamba hesabu inaelekea kwenye 8. Hesabu inakuonyesha pa kutazama. Ikiandika kwa niaba ya karatasi, hiyo si nakala tena.

Na usije ukapandwa na uhasibu ukaona 7.23 mara 1,000 ni 7,230, ukamwongezea shemeji shilingi mbili na senti zake. Mashine ilizidisha kabla ya kufupisha desimali, ndiyo sababu imetoa 7,227.61. Hizo senti ambazo hakuna duka litakalokupa zichape vilevile, pamoja na mkato na nukta zake. Mstari wa kodi ukiwepo unakili, usipokuwepo usiuzae.

Karatasi ya jakipoti ni mtihani mwingine, kwa sababu safari hii shemeji mwenyewe ndiye aliyeshika kalamu. Mechi 13, kila moja na visanduku vitatu: 1, X na 2. Naye, kama wengi wetu, anachagua kwa kupiga alama ya X. Amepiga X ndani ya kisanduku cha 1, na mnakili mwenye haraka ameandika X, yaani sare. Simu inapigwa: "Shem, mbona umenipa sare mechi zote? Mimi nimewapa wa nyumbani!" Kwa hiyo sahau alama, soma kichwa cha safu. Andika namba ya mechi, kisha jina la kisanduku kilichoguswa. Kama picha imelala upande, weka rula kwenye kioo cha simu na ushuke nayo mstari kwa mstari, la sivyo ukifika mechi ya tisa utakuwa unasoma alama za mechi ya kumi.

Mechi nyingine zitakuwa na alama mbili. Usimchagulie iliyo nzuri. Huenda amekusudia zote, na kila mechi yenye chaguo mbili huzidisha bei ya karatasi mara mbili. Kama karatasi yenye chaguo moja kila mechi ni 1,000 na risiti imesema 4,000, basi mechi zenye chaguo mbili ni mbili tu, maana tatu zingefika 8,000. Ukihesabu tatu kwenye picha, ya tatu pengine ni alama aliyoighairi na kuikwangua vibaya, au kalamu iliyoteleza mtu alipopiga chafya. Inakili kama ilivyo: "mechi ya 7: 1 na X, X imechorwa juu". Wa kuamua ni mwenye kalamu.

Namba ndefu ya tiketi iandike mwisho, taratibu, ukitazama kama ile ni O au 0 kwa kuilinganisha na sifuri ya kwenye dau. Hiyo mtumie shemeji peke yake. Ukiitupia kundi la familia pamoja na picha ya msimbopau, atakayetangulia kaunta anaweza kuwa binamu.

Na kama picha imekufikia usiku, Arsenal ameshashinda 1-0 na ile GG imelala, wewe andika GG, 1.72, uende mstari unaofuata.